Mkaguzi wa Samaki, Lamu

Paka huyu wa gatini Lamu hana mwajiri, lakini kazini hachelewi. Mashua za wavuvi zikifika, huketi hatua mbili kutoka kwa mpara samaki, mkia kauzungusha miguuni, macho kwenye kisu. Halii ovyo, wenye makelele humwagiwa maji. Magamba hayamhusu, shida yake ni matumbo na vichwa. Mkia ukisimama wima, ncha imepinda kidogo, hiyo ni salamu: kamtambua muuzaji wake. Ncha ya sikio iliyokatwa, tena kwa mstari ulionyooka, si kovu la ugomvi. Ni alama ya paka wa mtaani aliyekwisha kuhasiwa. Jua likipanda huhamia barazani, akalale. Paka hulala saa 12 hadi 16 kwa siku, na huyu haonekani kupunja.