Video ya mawese ya Magara inamfikia nani?

Facebook au Instagram ikitoa kitu kipya, hakosekani mtu wa kumwambia mfanyabiashara mdogo awahi, kwa kuwa wanaoanza mapema hupewa watazamaji wa bure. Maneno hayo yana ukweli ndani yake. Mimi huwauliza wanaonijia na habari hiyo swali moja tu: watazamaji hao wanaishi wapi, na bidhaa yako inafikaje kwao?

Bure hiyo ina chanzo chake. Kampuni ikifungua sehemu mpya kwenye programu yake, inataka sehemu hiyo ijae mara moja, maana mtu akiingia akakuta video chache za zamani harudi tena. Wakati huo wanaotengeneza ni wachache na nafasi za kuonyeshwa ni nyingi, hivyo mfumo unachukua kilichopo na kukisukuma hata kwa watu wasiokufuata. Facebook walilisema wazi Machi 2016: video ya mubashara ingepewa nafasi ya juu zaidi ikiwa bado inaendelea kuliko ikishakwisha.

Dirisha hilo hufungwa, na dalili yake inaonekana kwa macho. Reels ilianza Instagram Agosti 2020. Juni 2021 matangazo ya kulipia yakaanza kuwekwa kati ya video hizo duniani kote. Ukiona tangazo linapita katikati ya video za aina mpya, jua nafasi ile imeshapata bei, na aliyekuwa akipewa bure sasa anashindana na anayelipa. Dalili ya pili iko kwenye takwimu zako mwenyewe: video za aina ile ile, kwa ubora ule ule, zinashuka wiki baada ya wiki bila wewe kubadilisha kitu.

Vingine havifiki hata huko. IGTV, ya video ndefu za wima, ilizinduliwa Juni 2018 na jina lake likaondolewa Oktoba 2021. Fleets za Twitter zilienezwa duniani Novemba 2020 zikafungwa Agosti 2021. Facebook nao waliacha uuzaji wa mubashara Oktoba 2022, wakawashauri wauzaji wahamie Reels. Duka kubwa lenye mpiga picha wa mshahara linameza hasara hiyo. Mtu anayejaza chupa kwa mikono yake, muda alioupoteza ni chupa ambazo hakuzijaza.

Sasa tuje Magara. Tuchukue mama, wa mfano tu, anayenunua mawese kwa wakamuaji wa pwani ya Rumonge, anayachuja, anayajaza kwenye chupa za lita moja zenye lebo yake, na kuzituma Bujumbura kwa gari za abiria za barabara ya RN3. Wiki nzuri anatoa chupa 60. Wateja wake wanaagiza kwa WhatsApp na kulipa kwa Lumicash. Ukurasa wake wa Facebook unaonwa na watu 200 hivi kwa kila picha.

Anajaribu aina mpya ya video fupi: sekunde 30 za chikichi zikichemka kwenye pipa, kinu kikizungushwa, mafuta mekundu yakishuka. Anazungumza Kiswahili, lugha ya soko la Rumonge. Tuseme watu 6,000 wanaiona, na 40 wanamwandikia. Anafurahi mpaka anapoanza kuwajibu. Mmoja yuko Kigoma, mwingine Mwanza, wa tatu Nairobi, wengine Uvira. Walio Bujumbura na Rumonge ni 7, na walionunua ni 3.

Hakuna aliyekosea hapo. Mfumo unapotafuta wageni wa kuwaonyesha video, lugha ni mojawapo ya vitu unavyovitazama, na wasemaji wengi wa Kiswahili mtandaoni wako Tanzania na Kenya. Kwa anayeuza nyimbo, hiyo ni neema. Kwa anayeuza chupa ya kilo moja hivi, mbele yake kuna mpaka, nauli na faranga ya Burundi. Video ile ile ikisemwa kwa Kirundi, na mahali ikaandikwa Bujumbura, huenda ikaonwa na watu 1,500 tu, lakini walio karibu wakawa wengi zaidi. Ningeanza hapo, hata kama tarakimu ya juu inapungua.

Kuna jambo jingine ambalo washauri wa miji mikubwa hulisahau. Kitu kipya huja kwa mafungu ya nchi, na huja ndani ya toleo jipya la programu. Wateja wengi wa pwani hii hawasasishi programu, kwa sababu kusasisha kunakula mega na simu imejaa. Kabla ya kuamua, omba simu za wateja 5 unaowajua uangalie kama sehemu hiyo mpya ipo. Ikikosekana kwa 4, basi unaowahi kuwafikia si wateja wako.

Kupima nako kusiachwe kwa hisia. Tengeneza kiungo cha WhatsApp chenye neno lake, ukiweke kwenye ukurasa wako kwa kazi ya video hizo tu:

```
https://wa.me/257XXXXXXXX?text=MAWESE1
```

Herufi X ni mahali pa namba yako. Mtu akikibofya, ujumbe wake unakuwa umeandikwa tayari MAWESE1, nawe unajua ametoka wapi. Kiungo cha picha za kawaida kipe MAWESE2. Kwa wiki 4 andika daftarini mambo matatu: aliyeuliza yuko wapi, alinunua au la, na wewe ulitumia saa ngapi na mega za faranga ngapi. Kama faida ya chupa zilizouzwa kwa MAWESE1 haifiki hata gharama ya mega, hakuna haja ya wiki ya tano. Na wanaouliza wakizidi chupa zako, simamisha video kwanza. Mteja mpya aliyeambiwa subiri wiki mbili harudi kirahisi.

Usidhani pia kwamba kila kipya kinaleta wageni. Channels za WhatsApp zilipoenezwa duniani Septemba 2023, wengi walihamia wakitarajia wimbi lile lile. Lakini kituo hicho hujazwa zaidi na watu uliowaita wewe, hakikuonyeshi namba za wafuasi wako, nao hawawezi kukuandikia humo kama kwenye mazungumzo ya kawaida. Biashara ambayo oda zake huanza na mtu kuandika "mama, bei gani leo?" inajifunga mdomo yenyewe. Orodha ya kutuma ya kawaida inabeba watu 256, na inawafikia tu waliohifadhi namba yako, lakini kila mmoja anaweza kujibu papo hapo. Kwa chupa 60 za wiki, 256 ni wengi.

Kwa hiyo mama wetu ningemwambia apige video moja kwa wiki, ya wima, bila maandishi yaliyoganda juu yake, ili aina ile mpya ikifa aipeleke kwenye Status au penginepo. Ya kwanza iwe juu ya mawese yanayoganda. Chupa ikipanda hadi Gitega kwenye baridi, mafuta yanashikana na mteja anadhani yamechanganywa. Aonyeshe chupa iliyoganda ikiwekwa kwenye maji ya moto, mafuta yakirudi kuwa mekundu na laini. Hata dirisha likifungwa, video hiyo atakuwa akiituma kwa kila mteja wa milimani anayelalamika.