Mkojo Ukisafika, Tezi Dume Bado

Mwanamume anasikia maumivu akikojoa, anaamka usiku kwenda haja ndogo, anapewa vidonge vya siku saba na kupata nafuu. Baada ya mwezi au miwili hali inarudi. Anabadilishiwa dawa, anapata nafuu, inarudi tena. Mkojo wake ukioteshwa maabara kila mara na akaonekana bakteria yule yule, mara nyingi E. koli wa utumboni, yaelekea kibofu si chanzo tena. Huenda bakteria anaishi ndani ya tezi dume, na kila dozi fupi inamwondoa kwenye mkojo na kumwacha kwenye tezi.

Huu ni uambukizo wa muda mrefu wa tezi dume. Si saratani, na ni tofauti na kule kukua kwa tezi kunakowapata wazee wengi. Pia si kila maumivu ya kinena au ya chini ya korodani yanatokana nao. Kati ya wanaume 10 wenye maumivu ya aina hiyo kwa miezi mitatu au zaidi, wenye bakteria hawafiki hata mmoja. Hao wengine wakipewa antibiotiki kwa wiki sita watapata madhara tu, bila faida. Ndiyo maana sikubali dozi ndefu ianze kabla ya kipimo.

Mwaka 1968 madaktari wawili Wamarekani, Edwin Meares na Thomas Stamey, walieleza kipimo cha chupa nne. Siku hizi chupa mbili hutosha. Mgonjwa anatoa mkojo wa katikati, daktari anaikanda tezi kwa kidole kupitia njia ya haja kubwa, kisha mgonjwa anatoa mkojo kidogo tena. Bakteria wakiwa wengi mara 10 au zaidi katika chupa ya pili, wametoka kwenye tezi. Kama kibofu nacho kina maambukizi, chupa zote mbili zitajaa bakteria na kipimo hakitasema kitu. Hapo daktari anaweza kutoa nitrofurantoini kwa siku chache kwanza. Dawa hiyo husafisha mkojo lakini haifiki kwenye tezi, kwa hiyo bakteria watakaobaki watakuwa wa tezi. Mgonjwa mwenye homa kali, anayetetemeka na kushindwa kukojoa, asikandwe kabisa. Huyo ana uambukizo wa ghafla na anahitaji hospitali siku hiyo hiyo.

Swali ninaloulizwa kila kliniki ni kwa nini dozi iwe ya wiki nne hadi sita, wakati nimonia hutibiwa kwa siku chache. Jibu liko kwenye tezi yenyewe. Ili dawa itoke kwenye damu na kuingia kwenye majimaji ya tezi, lazima ipenye ukuta wa seli wenye mafuta mengi. Dawa nyingi za jamii ya penisilini zinazomezwa hupenya kwa shida, hasa uvimbe wa mwanzo ukishatulia. Kwenye mkojo zinafika kwa wingi, na hapo ndipo mtego ulipo: dalili zinapungua siku ya tatu, mgonjwa na daktari wanaamini kazi imekwisha.

Ndani ya tezi bakteria wana kinga nyingine. Hujishikiza kwenye vijifereji vyembamba na kujifunika kwa utando, na mara nyingi hung'ang'ania vijiwe vidogo vilivyomo humo. Wakiwa chini ya utando huo hukua polepole, ilhali antibiotiki nyingi huua vizuri zaidi bakteria anayezaliana kwa kasi. Kiasi kidogo cha dawa, kikimfikia adui asiye na haraka, kinahitaji muda.

Dawa za kundi la kwinoloni, yaani siprofloksasini na levofloksasini, zimekuwa chaguo la kwanza kwa sababu hupenya tezi vizuri kuliko nyingi. Lakini zipo sababu nzito za kuziepuka. Zinaweza kuumiza au kukata kano, hasa kwa mwenye umri wa zaidi ya miaka 60 au anayetumia prednisoloni. Hazimfai mwenye mshipa mkuu wa damu uliotanuka, na mwenye kifafa au hitilafu ya mapigo ya moyo huzitumia kwa tahadhari kubwa tu. Kwa mwenye kisukari anayemeza glibenklamidi, sukari inaweza kushuka ghafla. Januari 2024 mamlaka ya dawa ya Uingereza iliagiza zitumike tu pale ambapo antibiotiki nyingine hazifai. Kwetu Afrika Mashariki ninaongeza sababu moja: levofloksasini hutumika kutibu kifua kikuu sugu. Mtu mwenye kifua kikuu cha njia ya mkojo ambacho hakijagunduliwa akipewa kwinoloni, anapata nafuu ya uongo na ugunduzi unachelewa. Mkojo wenye seli nyingi za usaha ambao hauoteshi kitu uchunguzwe kifua kikuu kwanza.

Tuchukue mfano. Mzee wa miaka 64, mwenye shinikizo la damu, anameza losatani. Alipopewa siprofloksasini, siku ya tano kano iliyo nyuma ya kisigino ilianza kuuma na kuvimba. Akaacha, na hatakiwi kurudi kwenye kundi hilo maishani. Chupa ya pili ilimwotesha E. koli anayeuawa na trimethoprimu, basi anaandikiwa Septrini: vidonge viwili vya miligramu 480 asubuhi na viwili jioni, kwa wiki sita. Wiki ya pili anauliza, "Daktari, nimeshapona, niendelee ya nini?" Anajibiwa, "Mzee wangu, kilichopona ni kibofu."

Kwa mgonjwa huyu hatari ni potasiamu. Trimethoprimu huipandisha, na losatani vilevile. Inapimwa kabla ya kuanza na tena baada ya wiki moja. Kutoka 4.4 ikafika 5.4, kwa hiyo losatani inabadilishwa na amlodipini mpaka dozi iishe. Upele, hasa wenye vidonda mdomoni au machoni, ungemaanisha kuacha Septrini papo hapo na kwenda hospitali. Ndani ya Septrini, sehemu ya salfa hupenya tezi vibaya. Trimethoprimu ndiyo inayofanya kazi. Kwa hiyo mwenye mzio wa salfa anaweza kupewa trimethoprimu peke yake, miligramu 200 mara mbili kwa siku, pale inapopatikana.

Kikwazo kikubwa cha Septrini katika nchi zetu ni usugu: E. koli wengi hawaijali tena. Bila majibu ya kuotesha, kuianza ni kubahatisha kwa wiki sita. Doksisaiklini, miligramu 100 mara mbili kwa siku, nayo hupenya tezi na inafaa bakteria akiwa anauawa nayo, au chanzo kikiwa klamidia. Imezwe kwa maji mengi mgonjwa akiwa wima, mbali na maziwa na dawa za kiungulia.

Bakteria akishinda zote hizo, kuna fosfomaisini, unga wa gramu 3 unaokorogwa kwenye maji. Dozi moja inayotolewa kwa wanawake wenye uambukizo wa kibofu haitoshi hapa. Madaktari wameitumia kila siku kwa wiki moja, kisha kila baada ya siku mbili, matibabu yote yakichukua wiki 6, na hadi 12 tezi ikiwa na vijiwe. Madhara yake makubwa ni kuharisha, bei yake ni kubwa, na maduka mengi ya dawa hayana.

Mkojo uoteshwe tena wiki chache baada ya dozi kuisha, kwani ukioteshwa wakati dawa ingali mwilini utaonekana safi bure. Bakteria yule yule akirudi licha ya dozi kamili, daktari hutafuta vijiwe au jipu kwa altrasaundi na kuangalia kama kibofu kinabaki na mkojo. Wengine huishia kumeza dozi ndogo kila usiku kwa miezi, si ya kumwondoa bakteria, bali ya kumzuia asishuke kwenye kibofu.