Mti, heshi au safu: daftari la miamala milioni moja lipangwe vipi?

Chukua daftari la kielektroniki la pesa za simu lenye miamala 1,000,000. Kutwa nzima daftari hilo lina kazi tatu. Mteja analeta namba ya muamala, tuseme `QK7T2M9X`, anataka kujua pesa yake imefika wapi. Mkaguzi anataka miamala yote ya kuanzia Jumatatu asubuhi hadi Ijumaa jioni, ikifuatana kwa saa. Na wakati huohuo miamala mipya inaingia mfululizo, na mingine inafutwa kwa kuwa pesa imerudishwa. Wanaoandika programu wana njia tatu kuu za kupanga daftari la namna hii: safu iliyopangwa, jedwali la heshi na mti wa utafutaji. Kila njia ina kazi inayoiweza kuliko wenzake, ila ni moja tu inayozimudu zote tatu bila kuelemewa.

Tuanze na safu, maana ndiyo nyepesi kueleweka. Rekodi zinakaa bega kwa bega kwenye kumbukumbu ya kompyuta, zimepangwa kuanzia ndogo hadi kubwa. Ukitafuta, unafungua ya katikati. Ikiwa unayoitaka ni ndogo kuliko hiyo, nusu ya juu yote unaiacha, unaenda katikati ya nusu iliyobaki, na kuendelea hivyo. Miamala 1,000,000 inakuwa 500,000, kisha 250,000, na baada ya hatua 20 hivi umefika. Daftari likikua likawa milioni mbili, inaongezeka hatua moja tu. Kusoma kwa mpangilio nako ni kutembea mbele rekodi baada ya rekodi, kazi ambayo kompyuta huifanya kwa kasi sana, kwa sababu prosesa inaposoma rekodi moja huvuta na majirani zake.

Taabu inakuja kwenye kuongeza. Namba mpya ikiangukia katikati ya safu, zote zinazoifuata lazima zisogee nafasi moja. Kwa wastani ni rekodi 500,000, na kila moja ikichukua baiti 16, umehamisha megabaiti 8 kwa ajili ya muamala mmoja. Wakija 100 kwa sekunde, kompyuta inahamisha megabaiti 800 kila sekunde kabla haijafanya kazi yoyote ya maana.

Hata hivyo, yote inategemea umepanga kwa kitu gani. Ukipanga kwa saa ya muamala, mpya huwa ndio wa mwisho, kwa hiyo unaubandika mkiani na hakuna kinachosogea. Ni pale unapopanga kwa namba ya muamala au ya simu ya mteja, ambazo zinakuja bila utaratibu, ndipo gharama ile inapokuangukia. Ndiyo maana naona wengi wanaionea safu. Orodha ambayo haibadiliki, kama ya viwango vya ada au majina ya wilaya, haihitaji kitu kingine: haipotezi nafasi, haina viungo vya kutunza, na inasomeka kwa mpangilio bila juhudi.

Jedwali la heshi halitafuti kabisa, linapiga hesabu. Ufunguo, yaani namba ya muamala, unageuzwa kuwa namba nzima kwa kanuni maalumu, kisha namba hiyo inagawanywa kwa idadi ya nafasi za jedwali, na baki ndiyo inayosema rekodi ikae wapi. Siku ya kuitafuta unarudia hesabu ileile na kwenda moja kwa moja. Daftari liwe la miamala elfu moja au milioni kumi, hatua ni zilezile chache. Wazo hili liliandikwa na Hans Peter Luhn wa IBM mwaka 1953, na kwa swali la "nipe huyu hasa" bado ni vigumu kulishinda.

Lakini hesabu hiyo ina mipaka yake. Lugha ya Java huhesabu heshi ya neno la herufi mbili kwa kuzidisha namba ya herufi ya kwanza mara 31, kisha kuongeza ya pili. Chukua `Aa`. A kubwa ni 65 na a ndogo ni 97, kwa hiyo 65 × 31 + 97 = 2112. Sasa chukua `BB`. B ni 66, kwa hiyo 66 × 31 + 66 = 2112. Maneno mawili, heshi moja. Kwenye jedwali lenye nafasi 16, 2112 inagawanyika bila baki, na yote mawili yanataka kukaa nafasi namba 0. Huo ndio mgongano, na dawa yake ya kawaida ni kuyafunganisha kwenye mnyororo mfupi mahali palepale. Mnyororo wa rekodi mbili tatu haumsumbui mtu. Lakini ukiunganisha vipande hivyo viwili unapata `AaAa`, `AaBB`, `BBAa` na `BBBB`, vyote vya heshi moja, na kwa vipande 10 vilivyofuatana unapata maneno 1,024 yanayogombea nafasi moja. Mwenye nia mbaya anaweza kuyatengeneza kwa makusudi. Desemba 2011, kwenye mkutano wa usalama wa kompyuta mjini Berlin, Alexander Klink na Julian Wälde walionyesha kwamba fomu moja ya mtandaoni iliyojazwa majina ya namna hiyo inaweza kuishughulisha seva kwa dakika nyingi. Tangu toleo la 8 la mwaka 2014, Java hugeuza mnyororo uliorefuka kupita kiasi ukawa mti mdogo ndani ya jedwali la heshi. Inafaa kulikumbuka hilo kabla ya kuamini kwamba heshi haina haja na mti.

Jambo la pili ni kukua. `HashMap` ya Java haijazi nafasi zake zote. Ikifika robo tatu inaongeza ukubwa mara mbili na kuwagawia wote makazi mapya. Jedwali la nafasi 1,048,576 linapopokea rekodi ya 786,433, rekodi zote zilizomo zinagawanywa upya kwa mkupuo mmoja. Ukigawa gharama hiyo kwa rekodi zote, inakuwa ndogo mno. Ila mteja ambaye muamala wake ndio ulioangukia zamu hiyo anasubiri.

La tatu ndilo zito: mpangilio unapotea. Heshi nzuri huwatawanya majirani kwa makusudi, kwa hiyo muamala wa saa 4:00 na wa saa 4:01 hukaa mbalimbali kabisa. Mkaguzi akiomba ya Jumatatu hadi Ijumaa, hakuna njia ila kupitia yote 1,000,000, kuchambua yanayohusika, kisha kuyapanga. Wanaotumia Python hujidanganya hapa, kwa kuwa `dict` tangu toleo la 3.7 hutunza mfuatano. Mfuatano huo ni wa kuingizwa tu; nani mkubwa na nani mdogo haujui.

Mti wa utafutaji unachukua ule ugawaji wa nusu wa safu na kuubadilisha kuwa viungo. Kila nodi ina ufunguo mmoja. Wadogo wanapita kushoto, wakubwa kulia. Kuongeza ni kushuka hadi chini na kuning'iniza nodi mpya, bila kumsogeza mtu. Ukisoma kushoto, katikati, kisha kulia, rekodi zinatoka zimepangwa. Kasoro iko mahali ambapo anayeanza hategemei: ukiingiza namba zilizokwisha kupangwa, 1, 2, 3 hadi 1,000,000, kila mpya inakwenda kulia, na mti unakuwa kamba ndefu ya nodi milioni moja. Mwaka 1962 wanahisabati wawili wa Kisovieti, Adelson-Velsky na Landis, waliandika kanuni ya kuuzuia usilale upande. Kwenye kila nodi, urefu wa upande mmoja usiuzidi wa pili kwa zaidi ya ngazi moja. Ikitokea, nodi chache zinazungushwa pale pale. Kwa kanuni hiyo mti wa rekodi milioni moja hauzidi ngazi 28 hivi.

Hata ngazi 28 ni nyingi iwapo kila moja ni safari ya kwenda kwenye diski. Rudolf Bayer na Edward McCreight, waliokuwa kwenye maabara za Boeing, walileta mwaka 1970 mti wenye nodi pana, unaoitwa mti-B. Kila nodi ni ukurasa mzima unaobeba funguo kwa mamia. Kila ukurasa ukiongoza kwenye kurasa 200, ngazi tatu zinatosha kwa rekodi 8,000,000.

Uangalie ukipokea mgeni. Tuseme ukurasa una nafasi nne tu, na umejaa 12, 25, 31 na 47. Inafika 28. Zikipangwa ni 12, 25, 28, 31, 47, tano, na haziingii. Basi ya katikati, 28, inapandishwa kwenye ukurasa wa juu. Kushoto inabaki 12 na 25, kulia 31 na 47. Kurasa hizo mbili sasa zina nafasi za wageni wengine, na maelfu ya kurasa nyingine hayakuguswa. Ukurasa wa juu ukijaa nao unagawanyika vilevile, na mti unakua kwenda juu, ndiyo maana haupindi.

Ukitaka kuyaona haya kwa macho, tumia SQLite, hifadhidata iliyomo ndani ya kila simu ya Android, ambayo majedwali na faharasa zake ni miti-B. Iulize itafanyaje kazi kabla haijaifanya:

```sql
EXPLAIN QUERY PLAN
SELECT * FROM miamala
WHERE wakati BETWEEN 1000 AND 2000
ORDER BY wakati;
```

Bila faharasa, toleo la sasa linajibu:

```
SCAN miamala
USE TEMP B-TREE FOR ORDER BY
```

Maana yake itapitia daftari zima, halafu itajenga mti wa muda ili ipange majibu. Andika `CREATE INDEX mw ON miamala(wakati);` uulize tena:

```
SEARCH miamala USING INDEX mw (wakati>? AND wakati<?)
```

Sasa inashuka hadi muamala wa kwanza wa Jumatatu, inatembea mbele hadi Ijumaa, inasimama. Mstari wa kupanga umetoweka kwa sababu hakuna cha kupanga. Gharama yake ni kwamba kila muamala mpya sasa lazima uandikwe mahali pawili, kwenye jedwali na kwenye faharasa, kwa hiyo usijaze faharasa usizozihitaji.

PostgreSQL nayo, usipoitajia aina ya faharasa, inakupa mti-B. Heshi ipo, lakini faharasa zake za heshi zilianza kuhimili umeme kukatika ghafla kuanzia toleo la 10 tu, mwaka 2017. Kwa daftari letu la miamala, ningeweka mti-B kwenye namba ya muamala na mwingine kwenye saa. Heshi ningeitumia kwenye kumbukumbu, kwa zile namba chache zinazoulizwa kila dakika. Safu ningeiachia viwango vya ada.