Barua ya mwana kwa Msajili wa Ardhi: Hati ya uwakili ya mzazi aliye ng'ambo inavyotumika

WAZEE wengi wa humu nchini wameishia kuishi ng'ambo na watoto wao, huku mashamba, ploti na nyumba zao zikisalia nyuma. Mwana aliyebaki nyumbani ndiye huachiwa jukumu la kuandika barua kunapotokea jambo. Naye huandika kwa moyo safi, akieleza kwamba ploti ni ya mama yake, kwamba mama ni mgonjwa wa miguu na hawezi kusafiri, na kwamba yeye ndiye kifungua mimba. Barua hiyo hupokewa, hupigwa muhuri, kisha hulala kwenye faili.

Sababu si ukatili wa makarani. Mbele ya sheria, mtoto hana sehemu yoyote katika mali ya mzazi aliye hai kwa kuwa tu ni mtoto wake. Anayeandika kama mwana ni mpita njia tu mbele ya Msajili wa Ardhi. Kinachompa sauti ni hati ya uwakili, yaani maandishi ambayo mwenye mali humkabidhi mwingine mamlaka ya kutenda kwa niaba yake. (Tusichanganye mambo hapa: anayepewa mamlaka hayo si lazima awe wakili wa mahakamani. Anaweza kuwa mwana, binti, mpwa au hata jirani.)

Tuchukue mfano. Mama mwenye umri wa miaka 81, mwalimu mstaafu, anaishi na bintiye mjini Leicester, Uingereza. Ana ploti moja viungani mwa mji wa Nakuru na hatimiliki imo katika jina lake. Mnamo Machi 8, 2025, jirani anampigia simu mwanawe aliye Nairobi na kumweleza kuwa madalali wamefika na watu wanaoonekana kuwa wanunuzi, na kwamba vigingi vipya vimechomekwa.

Mwana anaripoti kwa polisi. Kisha anafanya upekuzi rasmi wa sajili, na kuona kuwa jina la mama bado limo. Hapo pana nafasi ya kuwahi mambo. Kifungu cha 76 cha Sheria ya Usajili wa Ardhi ya 2012 kinamruhusu Msajili kuweka kizuizi dhidi ya shughuli zozote katika kipande fulani cha ardhi ili kuzuia ulaghai, baada ya kufanya uchunguzi na kuwasikiliza wahusika kadiri aonavyo inafaa.

Mama mwenyewe angeweza kuandika barua ya kuomba kizuizi hicho akiwa Leicester, na kwa hakika afadhali atume yake mara moja badala ya kungoja. Lakini Msajili akitaka kumhoji mhusika, kuona hatimiliki au kumwita mezani pamoja na anayedai kuwa mnunuzi, mama hawezi kufika. Hapo ndipo hati ya uwakili inapohitajika, na ndipo familia nyingi hukwama, kwa kuwa hati iliyoandikwa vibaya ng'ambo haisaidii sana Nakuru.

Kosa la kwanza huwa ni upana. Watu hudhani kwamba hati inayosema "afanye lolote kwa niaba yangu" ndiyo yenye nguvu zaidi. Mahakama, hata hivyo, huzisoma hati za aina hii kwa ubahili: mamlaka ambayo hayakutajwa waziwazi huhesabiwa kuwa hayakutolewa. Aliyepewa idhini ya kukusanya kodi ya nyumba hawezi kuuza nyumba hiyo. Katika mfano wetu, hati inafaa itaje nambari ya kipande cha ardhi kama ilivyo kwenye hatimiliki, na kusema kuwa mwakilishi anaweza kuilinda ardhi, kuomba na kufuatilia kizuizi, kufika mbele ya Msajili na kutoa maelezo. Ikiwa mama hataki ploti iuzwe, na iandikwe hivyo. Sentensi hiyo moja humlinda mama dhidi ya mwanawe mwenyewe, na humlinda mwana dhidi ya fitina za ndugu zake.

La pili ni majina. Kwenye hatimiliki mama yumo kwa jina la ubatizo na la babake. Kwenye pasipoti jina la mume limeingia na la baba limetoka. Karani wa Nakuru haoni mtu mmoja hapo, bali wawili. Hati inafaa ianze na majina yote mawili, nambari ya kitambulisho cha Kenya na ile ya pasipoti, kisha kiapo cha kueleza kuwa majina hayo ni ya mtu yuleyule kiambatishwe.

La tatu ni sahihi yenyewe. Kwa mujibu wa kifungu cha 44 cha sheria hiyo, hati iliyotiwa sahihi nje ya Kenya haisajiliwi mpaka iwe na cheti cha kuthibitisha sahihi hiyo. Ikiwa nchi imo katika Jumuiya ya Madola, kama ilivyo Uingereza, cheti hicho kinaweza kujazwa na jaji, hakimu, mthibitishaji hati wa umma au kamishna wa viapo. Jirani mwema wa kanisani hatoshi, hata akiwa profesa. Mama anafika mbele ya mthibitishaji na pasipoti yake, anatia sahihi mbele ya macho yake, naye mthibitishaji anajaza cheti na kupiga lakiri.

Tuseme mama alitia sahihi Machi 14, na bahasha ikafika Nairobi Machi 20. Kuanzia siku hiyo saa inakwenda: chini ya Sheria ya Ushuru wa Stempu, hati iliyotengenezwa nje ya nchi hupaswa kupigwa stempu katika muda wa siku 30 tangu ilipopokewa Kenya mara ya kwanza. Siku ya mwisho hapa ni Aprili 19. Akichelewa, mwana atatozwa adhabu, na hati isiyo na stempu haikubaliwi kuwa ushahidi mahakamani. Bahasha ya posta yenye tarehe isitupwe.

Sasa barua yenyewe. Inafaa iwe fupi, na aya ya kwanza imjibu karani swali lake la kwanza: wewe ni nani?

"KUH: Ombi la kizuizi katika kipande cha ardhi" (nambari ya kipande inafuata).

"Ninaandika kwa niaba ya mmiliki aliyesajiliwa wa kipande kilichotajwa hapo juu, ambaye ni mama yangu mzazi, mwenye umri wa miaka 81 na mkazi wa Leicester, Uingereza. Mamlaka yangu yatokana na hati ya uwakili aliyoitia sahihi mnamo Machi 14, 2025, hasa aya ya 3 inayoniruhusu kuilinda ardhi hiyo na kuwasilisha maombi katika ofisi yako. Nakala iliyothibitishwa imeambatishwa. Hati halisi nitaileta utakapoihitaji.

"Mmiliki hajauza, hajakodisha wala kuweka rehani kipande hicho, na hajamwidhinisha yeyote kukiuza. Mnamo Machi 8, 2025, watu asiowajua waliingia humo, wakachomeka vigingi na kuwaonyesha wengine kana kwamba kinauzwa. Nakala za ripoti ya polisi, hatimiliki na cheti cha upekuzi zimeambatishwa.

"Naomba, chini ya kifungu cha 76 cha Sheria ya Usajili wa Ardhi, uweke kizuizi ili shughuli yoyote isisajiliwe katika kipande hicho mpaka mmiliki au mimi tuarifiwe kwa maandishi na kusikizwa. Anwani zetu sote wawili zimo hapa chini. Mmiliki yu hai, ana akili timamu na hajaibatilisha hati hii."

Mwana anatia sahihi kwa jina lake, na chini yake anaandika: "kwa niaba ya", jina la mama, "kwa mujibu wa hati ya uwakili ya Machi 14, 2025". Asiige sahihi ya mama hata kama mama mwenyewe amemwambia aige. Huko ni kughushi, na hati nzuri haimwokoi mtu na hilo.

Msomaji atauliza kwa nini barua isiandikwe kwa Kiingereza kama kawaida. Kifungu cha 7 cha Katiba ya 2010 kinavitambua Kiswahili na Kiingereza kuwa lugha rasmi, hivyo barua ya Kiswahili ni halali kama nyingine. La kuzingatia ni kwamba maneno ya kisheria yafanane na yaliyo katika hati.

Anwani si pambo. Msajili anaweza kukiondoa kizuizi, kwa ombi la mtu mwingine au kwa hiari yake, baada ya kuwaarifu wahusika. Ilani ikitumwa kwa sanduku la posta ambalo mama aliliacha alipohama, kizuizi kitaondoka bila nyinyi kujua.

Hati halisi nayo isikabidhiwe ovyo. Ikiwa inatoa mamlaka ya kuuza au kukodisha ardhi, huingizwa katika sajili ya hati za uwakili chini ya kifungu cha 48, na humo ndimo hati halisi huwekwa. Ikiwa ni ya kulinda tu, nakala zilizothibitishwa ndizo ziende ofisini, na kila moja ipigiwe muhuri wa kupokewa kwenye nakala anayobaki nayo mwana.

Jambo ambalo familia hazipendi kulizungumza ni akili ya mzee. Hapa kwetu hati ya kawaida ya uwakili hufa pale mwenye mali anapopoteza uwezo wa kuelewa mambo yake, kwani mwakilishi hawezi kuwa na mamlaka ambayo aliyempa hana tena. Uingereza na Wales zina hati ya aina nyingine, iliyoanza kutumika Oktoba 2007 chini ya sheria ya 2005 kuhusu uwezo wa akili, ambayo huendelea kuwa na nguvu hata mzee akisahau majina ya wanawe. Binti wa Leicester akiwa nayo, inamtosha kwa benki ya huko. Asidhani kwamba inatosha pia kwa Msajili wa Nakuru.

Mama akishafika hali hiyo, njia ni kwenda mahakamani chini ya Sheria ya Afya ya Akili, na ripoti za madaktari, kuomba msimamizi wa mali yake ateuliwe. Ndiyo maana hati iandaliwe akiwa bado anajua ni nini anachokitia sahihi, na si vibaya daktari wake akaandika hivyo siku hiyohiyo.

Akifariki, hati huisha papo hapo. Mwana akiendelea kuitumia, hata kwa nia ya kulipia mazishi, anaingilia mali ya marehemu. Kifungu cha 45 cha Sheria ya Urithi kinalitaja hilo kuwa kosa, na adhabu yake ni faini isiyozidi Sh10,000, kifungo kisichozidi mwaka mmoja, au vyote viwili.

Baada ya barua kupokewa, mwana asitosheke na muhuri. Arudi baada ya wiki chache afanye upekuzi mwingine. Kizuizi kikiwa kimeingizwa, kitaonekana kwenye cheti hicho. Kisipoonekana, barua ya pili iandikwe, ikitaja tarehe ya muhuri wa ile ya kwanza.