Sarafu 12, mizani moja, hali 24

Fumbo lenyewe ni la zamani kidogo, na bado linawakesha watu. Una sarafu 12 zinazofanana. Moja ni bandia, uzito wake si sawa na wa wenzake, lakini hujui kama ni nzito zaidi au nyepesi zaidi. Una mizani ya vitanga viwili, isiyo na mawe. Itafute hiyo bandia kwa kupima mara 3 tu, na useme ni nzito au nyepesi.

Nitaichambua njia moja ambayo wengi huifikia wakadhani wamemaliza kazi. Zipe sarafu namba 1 hadi 12. Pima 1, 2, 3, 4 kushoto na 5, 6, 7, 8 kulia. Mizani ikilingana, bandia imo katika 9 hadi 12, na hapo njia haina kasoro: pima 9, 10, 11 dhidi ya 1, 2, 3 ambazo sasa tunajua ni halali. Zikilingana, bandia ni 12, na kuipima na 1 kutaonyesha ni nzito au nyepesi. Zisipolingana, tumeshajua uzito umezidi au umepungua, basi 9 dhidi ya 10 inamaliza.

Tatizo linaanza mizani isipolingana mara ya kwanza. Tuseme kushoto kumeshuka. Njia hii inasema: zigawe zile zilizoshuka, 1 na 2 dhidi ya 3 na 4. Upande mmoja ukishuka, bandia ni nzito na imo humo; pima hizo mbili, kwisha. Zikilingana, bandia ni nyepesi na imo katika 5, 6, 7, 8. Pima 5 dhidi ya 6, itakayopanda ndiyo yenyewe. Kulia kukishuka mwanzoni, unafanya vivyo hivyo kwa kugeuza pande.

Je, na 5 na 6 zikilingana? Bandia ni 7 au 8, na nafasi ya kupima imekwisha.

Hapa ndipo uhakiki unapohitaji subira. Bandia inaweza kuwa yoyote kati ya sarafu 12, na kila moja kwa namna mbili, kwa hiyo kuna hali 24 za kukagua. Nikizipitia zote, njia inashinda katika hali 20 na kushindwa katika 4: 7 nyepesi, 8 nyepesi, na kwa upande wa pili, 3 nyepesi na 4 nyepesi. Zote nne ni za sarafu nyepesi. Anayeijaribu njia hii kwa kuficha sarafu nzito kila mara ataiona ikifaulu mchana kutwa, hata akirudia mara mia, wala hatapata dalili yoyote ya kasoro. Na hata akichagua kwa bahati nasibu, uwezekano wa kufaulu majaribio 3 mfululizo ni zaidi ya nusu.

Kuna njia ya kuinasa kasoro bila kupitia hali zote. Kila kupima kuna majibu matatu tu: kushoto kushuke, kulia kushuke, au zilingane. Kwa hiyo kabla ya kupima mara ya mwisho, hali zinazowezekana zisizidi 3. Zikibaki mbili za kupima, zisizidi 9. Katika njia yetu, baada ya upimaji wa pili kulingana, zilibaki hali 4. Hakuna ujanja wa kuzitenganisha nne kwa majibu matatu.

Dawa ni kuchanganya sarafu za pande zote mbili. Kushoto kukiwa kumeshuka, pima 1, 2, 5 dhidi ya 3, 4, 6. Kushoto kukishuka tena, ama 1 au 2 ni nzito, ama 6 ni nyepesi: pima 1 dhidi ya 2, zikilingana ni 6. Kulia kukishuka, ni 3 au 4 nzito, au 5 nyepesi, nawe unapima 3 dhidi ya 4. Zikilingana, zimebaki 7 na 8, na nyepesi itapanda. Hali nane zimegawanyika tatu, tatu na mbili. Kulia kukishuka mwanzoni, hesabu ni ileile kwa kugeuza pande, na hivyo zote 24 zimepata jibu.

Mwaka 1946 Freeman Dyson alichapisha katika jarida la Mathematical Gazette la Uingereza suluhisho la jumla: kwa kupima mara n, idadi kubwa kabisa ya sarafu ni (3ⁿ − 3)/2. Ukiweka 3 badala ya n, unapata 12.

Basi mtu akikuambia anaweza sarafu 13, na kutaja uzito kila mara, mwulize anaanza na ngapi kila upande. Akiweka 5, mizani isipolingana hubaki hali 10. Akiweka 4, zikilingana hubaki sarafu 5 nje, nazo ni hali 10 pia. Kupima mara mbili kunatosha kwa 9 tu.