Nyumba ya kwanza: usiseme "punguza", peleka hesabu

Unajua unavyomjibu mteja anayeandika "punguza bosi" bila sababu. Mwenye nyumba naye atakujibu hivyo hivyo.

Tuseme umeona nyumba Chanika, vyumba vitatu, anataka milioni 48. Usimuulize dalali za jirani zinauzwaje, atakutajia bei za kutangazia. Tafuta walionunua mtaa huo karibuni, uulize walilipa ngapi mwishoni. Ukipata mbili za ukubwa huo, zenye umiliki wa aina moja, moja 44 na nyingine 45, mazungumzo yako yanaanzia hapo.

Kisha nenda na fundi, hasa baada ya mvua. Ukiona rangi mpya chini ya ukuta tu, shtuka. Fundi agonge plasta: ikilia kama kitu kitupu na kumwaga unga mweupe wa chumvi, unyevu unapanda kutoka kwenye msingi. Afunue na karo la choo. Gharama aziandike kwenye karatasi, tuseme milioni 2.5. Ukitoa kwenye 44.5 inabaki 42. Anza na 40.

Hapa wengi wanakosea: kama zile mbili nazo ziliuzwa na karo bovu, kasoro hiyo imeshaingia kwenye bei zake. Ukiitoa tena, muuzaji akigundua hatakuamini kwa lolote. Vitasa na rangi iliyofifia usivitaje kabisa.

Akikataa kushusha, atengeneze mwenyewe kabla ya malipo ya mwisho, na iandikwe kwenye mkataba. Mimi ningechukua punguzo, maana muuzaji hutengeneza ukuta upendeze siku ya kukabidhi funguo tu.