Barua ya Kwanza kwa Msimamizi wa Uzamivu

Nchini Ujerumani, njia ya kale na bado ya kawaida ya kusomea shahada ya uzamivu huanzia kwa profesa, si kwenye ofisi ya udahili. Mwombaji humtafuta kwanza msomi atakayekubali kumsimamia. Ridhaa hiyo ya maandishi huhitajika chuoni, na hata DAAD, shirika linalowafadhili wanafunzi wengi wa kigeni nchini humo, huitaka kwa kawaida. Ndiyo maana barua pepe ya kwanza ina uzito kuliko urefu wake.

Maneno mia tatu hivi yanatosha. Profesa anataka kujua mwombaji ni nani, ana swali gani, na kwa nini amemwandikia yeye. Barua inayomsifu kwa aya nzima bila kutaja kazi yake hata moja humwonyesha kwamba imetumwa kwa wengi.

Sehemu ngumu ni swali. Chukua mfano wa afisa uvuvi wa Zanzibar mwenye shahada ya uzamili ya sayansi ya bahari. Ameona kotonii, mwani wenye bei nzuri, ukioza na kukatika maji ya ufukweni yanapopata joto, na wakulima, wengi wao wanawake, wakibaki na spinosamu ya bei ndogo. Akiandika kwamba anataka kuchunguza athari za mabadiliko ya tabianchi kwa kilimo cha mwani Afrika Mashariki, hajasema kitu: hiyo ni kazi ya taasisi nzima. Afadhali aulize hivi: je, kotonii ikipandwa kwenye kamba zinazoelea katika maji ya kina zaidi, huugua kidogo kuliko ile ya ufukweni, na je, tofauti hiyo inatokana na joto peke yake?

Swali hilo linapimika. Aongeze sentensi mbili za namna ya kulipima: vipimajoto katika kina mbalimbali na uzito wa mwani kila baada ya siku kadhaa. Ataje pia kikwazo anachokijua yeye kuliko profesa, kwamba maji ya kina yanahitaji mashua na kuogelea, mambo ambayo wakulima wengi hawana. Kisha aitaje makala moja ya profesa huyo na mahali ilipoishia bila jibu.

Suala la fedha lisifichwe; aeleze ni ufadhili gani anaouomba na mwisho wa maombi ni lini. Amalizie kwa ombi jepesi kujibiwa: je, profesa anapokea wanafunzi mwaka ujao, na mwelekeo huu unamfaa? Aambatishe wasifu na muhtasari wa kurasa mbili, si tasnifu nzima.

Kimya cha wiki mbili au tatu kinaruhusu ukumbusho mmoja. Jibu la "karibu, tuma maombi" bado si ridhaa, na katika vyuo vingi vya Marekani hata ridhaa kamili haitoshi, kwa kuwa kamati ya idara ndiyo inayoamua nani adahiliwe.